Namba ya zamani imepata mwenyewe mpya: pa kuanzia kuitoa

*Fundi, habari za kazi. Mwezi wa pili nilinunua laini mpya, ile ya zamani ikabaki kwenye simu mbovu nikaisahau. WhatsApp na Telegram zangu bado ziko kwa namba ya zamani na zinafanya kazi vizuri tu. Wiki iliyopita mdogo wangu aliipiga ile namba kwa kusahau, akapokea mwanaume, akasema laini ni yake, kaisajili juzi. Gmail, Facebook na benki vyote vina namba ile. Naitoaje? Na huyo baba anaweza kusoma meseji zangu?*

Nzuri, dada. Nianze na hilo la mwisho: za WhatsApp ulizokwisha kuandikiana na watu, hapana. Za Telegram, ndiyo, karibu zote, kama hukuweka nenosiri la ziada. Kwa hiyo leo hii, kabla hujalala, shughulikia hizo mbili. Gmail na Facebook zifuate kesho, na benki uende mwenyewe kwa miguu yako.

Kwanza ujue kwa nini WhatsApp yako bado inapiga kazi wakati laini haipo. WhatsApp haiangalii laini iliyomo kwenye simu. Iliiuliza mara moja tu, siku ile ulipojisajili: ikatuma tarakimu sita kwa meseji, ukaziingiza, ikaridhika. Tangu hapo inaitambua simu yako. Itakuacha hivyo hivyo hata mwaka mzima, mpaka siku mtu mwingine atakapoiomba tarakimu sita kwa namba ile ile. Sasa huyo baba ana laini mkononi. Akipakua WhatsApp, na atapakua, tarakimu zitaenda kwake, ataziingiza, na wewe utatolewa papo hapo. Kwenye kioo chako utasoma kwamba namba yako haijasajiliwa tena WhatsApp kwenye simu hii. Wala hatakuwa amekuibia. Atakuwa amesajili namba yake.

Meseji za zamani hatazipata kwa sababu zinakaa ndani ya simu yako, na nakala yake, kama uliiwasha, iko Google Drive kwenye akaunti yako. Yeye atafungua WhatsApp isiyo na neno hata moja la mazungumzo yako. Kinachomfuata ni magrupu. Grupu linaitambua namba, na namba iko kwake. Mwaka jana alikuja dukani kwangu mama mmoja, mhasibu wa kikoba chao, amebadilisha laini kama wewe na WhatsApp akaiacha ilivyo. Asubuhi moja simu ikamtoa. Alidhani ni hitilafu, akaiweka pembeni siku mbili. Siku hizo mbili kijana aliyenunua ile namba alikuwa ndani ya grupu la kikoba kama admini, anaona nani kaleta mchango na nani anadaiwa, na wanachama wanamwandikia "mhasibu, nimekutumia, hakiki." Yule kijana kwa bahati alikuwa mstaarabu. Aliandika, "Jamani mimi si mhasibu wenu, naomba mnitoe." Ndivyo walivyojua.

Hapa kuna jambo watu wengi hawalijui. WhatsApp wana kinga yao ya namba zinazouzwa upya: akaunti ikikaa siku 45 bila kutumika, kisha namba ikasajiliwa kwenye simu nyingine, wanachukulia kwamba namba imehamia kwa mtu mwingine na kufuta picha na maelezo ya mwenye zamani. Na akaunti isiyotumika kabisa kwa siku 120 hufutwa. Lakini wewe unaitumia kila siku. Kwa macho yao hiyo si namba iliyotelekezwa, kwa hiyo kinga ya siku 45 haikuhusu.

Sasa fanya hivi. Weka laini mpya kwenye simu ile ile yenye WhatsApp yako, hakikisha inapokea meseji. Fungua WhatsApp, gusa vidoti vitatu juu kulia, ingia Settings, kisha Account, kisha Change number. Maneno yanaweza kutofautiana kidogo kulingana na toleo la programu, ila usiguse ile ya Delete account. Hiyo inafuta kila kitu na kukutoa kwenye magrupu yote. Utaletewa nafasi mbili: juu namba ya zamani, chini namba mpya. Zote ziandike kwa 255 bila sifuri ya mwanzo. Tarakimu sita zitatumwa kwenye namba mpya tu. Ile ya zamani haihitaji kupokea chochote. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo maana nakuharakisha: njia hii iko wazi kwa muda tu ambao simu yako bado inatambulika kwa namba ya zamani. Baba yule akitangulia, mlango umefungwa.

Kabla ya kumaliza utaulizwa kama unataka watu wajulishwe. Unaweza kuchagua watu wote uliowahifadhi, au wale tu uliowahi kuchati nao, au kuwachagua mmoja mmoja. Magrupu yatajulishwa upende usipende. Kama kuna mtu uliyebadilisha laini ili kumkimbia, na yuko nawe kwenye grupu, toka kwanza kwenye grupu hilo ndipo uendelee. Ukimaliza, mazungumzo yako yapo, magrupu yako yapo, na akaunti ya namba ya zamani inakuwa imefutwa. Huyo baba akijisajili atajisajili kama mgeni.

Ila watu wana namba yako ya zamani kwenye simu zao, na hiyo WhatsApp haiifuti. Shangazi akifungua jina lako kwenye orodha yake ya majina badala ya mazungumzo yale yale, salamu zitamfikia yule baba. Na hapa Tanzania una tatizo jingine: meseji ya "nimebadilisha namba, tumia hii" inafanana mno na "ile hela tuma kwenye namba hii." Mwenye akili ataifuta. Wale wa muhimu, hasa wanaokutumia hela, watumie ujumbe wa sauti. Sauti yako wanaijua.

Ukishahamia, washa Two-step verification, iko humo humo kwenye Account. Ni namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe, na uweke na barua pepe ya kukuokoa ukiisahau. Kuanzia hapo, mtu akipata tarakimu za meseji bila namba yako ya siri haingii. Itabidi asubiri siku saba ndipo aweze kuiondoa. Usiielewe vibaya lakini: hata namba hiyo ya siri isingekuzuia kutolewa. Akishaingiza tarakimu za meseji, wewe unatoka hapo hapo. Inachofanya ni kumweka yeye nje siku hizo saba, asikae kwenye magrupu yako, nawe upate muda wa kuwaambia maadmini wakutoe.

Na je, kama unasoma hapa na tayari umetolewa? Basi sajili namba mpya kama mtu mpya, mwombe admini wa kila grupu aondoe namba ya zamani na kukuingiza upya. Mazungumzo ya zamani huenda usiyapate, kwa sababu nakala yako inafunguka kwa namba ile ile iliyohifadhiwa nayo. Kumpigia yule baba umwombe akusomee tarakimu sita si kosa, ila usishangae akikukatalia. Tumewafundisha watu miaka yote hii kwamba anayekupigia kuomba tarakimu za meseji ni tapeli, na yeye hana namna ya kukutofautisha na tapeli.

Jambo moja kuhusu laini yako mpya: nayo huenda ilikuwa ya mtu. Ukiona WhatsApp inakuomba namba ya siri ambayo hukuiweka, au Facebook ikakuonyesha sura ya mtu usiyemjua, ni kwamba aliyekutangulia hakufanya haya ninayokueleza. Namba ya siri ya WhatsApp utaisubiri zile siku saba. Akaunti ya Facebook ya mtu usiiingie hata kama mlango uko wazi.

Sasa Telegram, na hii usiicheleweshe hata saa moja. Telegram huhifadhi mazungumzo ya kawaida kwenye kompyuta zao, si kwenye simu yako, isipokuwa yale uliyoyaanzisha kwa Secret Chat. Ndiyo maana ukiifungua kwenye simu mpya unakuta kila kitu. Na mtu mwingine akiifungua kwa namba yako atakuta kila kitu vile vile, picha na mafaili tangu siku ya kwanza. Telegram kwa kawaida hupeleka msimbo wa kuingilia kwanza kwenye simu ambayo tayari imo, yaani yako. Kwa hiyo ukipokea leo ujumbe kutoka akaunti ya Telegram yenyewe wenye msimbo ambao hukuuomba, ujue anajaribu. Lakini msimbo unaweza kuja pia kwa meseji, na meseji inaenda kwake.

Ingia Settings, gusa namba yako ya simu palipoandikwa, chagua Change number, weka mpya, ingiza msimbo utakaokuja kwenye laini mpya. Mazungumzo yote yanahamia. Kisha Privacy and Security, ndani yake Two-Step Verification, uweke nenosiri. Halafu fungua Devices uone orodha ya simu na kompyuta zilizo ndani ya akaunti yako. Ukikuta simu usiyoitambua, pengine ya aina usiyowahi kumiliki, iondoe hapo hapo.

Tukija Google, watu hukosea kwa sababu namba inakaa sehemu zaidi ya moja na wao huitoa sehemu moja tu. Kwenye simu yako fungua Settings, shuka hadi Google, kisha ingia kwenye akaunti yako. Kwenye Personal info kuna namba ya simu. Kwenye Security kuna Recovery phone, ambayo ndiyo Google hutumia kukurudishia akaunti ukisahau nenosiri. Na humo humo Security, ndani ya 2-Step Verification, kuna namba inayopokea misimbo. Ukibadilisha ya kwanza ukaacha hizo mbili, hujafanya kitu. Siku zote ongeza mpya kwanza, uithibitishe, ndipo uifute ya zamani. Ukianza kwa kufuta unaweza kujifungia nje.

Baada ya kubadilisha Recovery phone, Google wanaweza kuendelea kukubali kutuma msimbo kwenye namba ya zamani kwa siku saba. Wamefanya hivyo kumlinda mwenye akaunti aliyebadilishiwa namba na mwizi, lakini kwako inakuwa kinyume: siku saba hizo yule baba bado ni sehemu ya akaunti yako. Kwa hiyo badilisha na nenosiri siku hiyo hiyo, na usijitoe kwenye Gmail katika simu unayoitumia sasa. Ukiwa umewasha 2-Step Verification, chukua pia Backup codes. Ni misimbo kumi, kila mmoja wa tarakimu nane na hutumika mara moja. Iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Si kwenye picha ndani ya simu, maana simu ikiibiwa vinaenda vyote.

Facebook ni rahisi zaidi. Settings, kisha Accounts Center, kisha Personal details, kisha Contact info. Instagram kama mmeziunganisha inaonekana hapo hapo. Ongeza namba mpya, kisha gusa ya zamani uifute. Usisahau sehemu ya Password and security, ndani ya Two-factor authentication: kama ulichagua misimbo ije kwa meseji, namba ya zamani inaweza kuwa imebaki huko. Ukitaka kujua kama imetoka kweli, chukua simu ya mtu mwingine, au fungua kivinjari kwa hali ya faragha, nenda facebook.com/login/identify, uandike namba ya zamani. Ikikuletea jina na picha yako, bado imo. Ishia hapo, usiguse kuendelea, maana ukiendelea msimbo wa kubadilisha nenosiri lako unatumwa kwa yule baba, nawe ndiye umeuomba.

Usidhani nakutisha bure. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichukua namba 259 ambazo kampuni mbili kubwa za simu zilikuwa zinawapa wateja wapya. Namba 171 kati ya hizo zilikuwa bado zimeshikana na akaunti za wenyewe wa zamani kwenye tovuti zinazojulikana. Theluthi mbili.

Benki sasa. Hili halifanyiki kwenye simu, na ni vizuri lisifanyike. Nenda tawini na kitambulisho cha NIDA, ujaze fomu ya kubadilisha namba. Uliza vitu viwili kwa majina yake, usiridhike na "tumeshabadilisha": namba ya kupokea taarifa za miamala, na namba ya huduma ya benki kwa simu. Mara nyingi ni usajili wa aina mbili tofauti. Mimi mwenyewe benki moja ilinibadilishia ya pili ikaacha ya kwanza, na kwa miezi mitatu mtu nisiyemjua alikuwa anaona mshahara wangu unaingia lini na unaisha lini. Aliniambia yeye mwenyewe, kwa upole, tarehe 28.

Kama ulikuwa na salio la pesa kwenye laini ya zamani, nenda duka la kampuni yenyewe na NIDA yako uwaulize. Si kwa wakala wa mtaani. Ukiwa hapo piga *106# kwenye laini mpya, ufuate menyu uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ile ya zamani haipaswi kuwemo tena. Ikiwemo, yule baba anatumia laini yenye jina lako, na hilo uwaambie hapo hapo dukani walirekebishe, kwa sababu akitapeli mtu atakayetafutwa ni wewe. Ila ukikuta hivyo, usikimbilie kuifunga: laini ikiwa kwa jina lako unaweza kuomba uirudishe mkononi mwako siku mbili tatu, upokee misimbo ya akaunti zote zilizokugomea, ndipo uiache.

Zimebaki zile ulizozisahau: tovuti ya ajira, duka la mtandaoni, usafiri wa boda kwa programu, chuo. Hakuna mahali pamoja zinapoorodheshwa, lakini kuna pa kuzitafutia. Ile simu mbovu, kama kioo bado kinawaka, ifungue upande wa meseji. Kila meseji yenye msimbo ni akaunti moja, na juu yake jina la aliyetuma. Andika majina yote kwenye daftari. Kisha kwenye Gmail tafuta namba yako ya zamani mara mbili: mara ya kwanza inayoanza na sifuri, mara ya pili inayoanza na 255. Ifanye mara mbili kweli, kwa sababu utafutaji wa Gmail hulinganisha neno zima. Ukiandika namba ya sifuri haitakuonyesha barua iliyoandika 255. Mwisho fungua passwords.google.com uone orodha ya tovuti ambazo simu yako imekuwa ikihifadhi nenosiri. Zile ulizoingia kwa kugusa "Sign in with Google" ziache mwisho. Nyingi hazitegemei namba yako.

Majina kwenye Truecaller usipoteze nayo muda. Jina lako linatokea kwa namba ile kwa sababu watu walivyoihifadhi, na huyo baba atalirekebisha mwenyewe atakapochoka kuitwa dada.